Dawa ya kuziba paa: ipi isimame juani na ipi ifichwe

Mtu akiingia katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Buguruni au Tegeta na kuomba "dawa ya kuziba paa linalovuja", anaweza kutoka na kitu chochote kati ya vinne: tyubu ya silikoni, tyubu ya poliyurethani ambayo mafundi huiita PU, utepe wa butili, au lami ya kuziba, iwe ya kupaka kwa brashi au ya utepe wenye mgongo wa alumini. Vyote vinne vinazuia maji siku vinapowekwa. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu mnunuzi akishaona maji yamekoma huhitimisha kwamba alichonunua kinafaa, ilhali swali kubwa kwa paa la Dar es Salaam ni hali ya dawa hiyo baada ya misimu miwili ya jua.

Ninaandika haya kwa sababu mshono mmoja wa paa la nyumba yangu, huko Goba, umepitia dawa tatu kati ya hizo nne, na kila moja ilishindwa kwa namna yake. Kabla ya kuueleza, ni vizuri tukubaliane juu ya maneno machache.

Mshono ni mahali popote ambapo vipande viwili vya paa vinakutana: bati juu ya bati, bati na ukuta, kofia na bati. Flashingi ni kipande cha bati kilichokunjwa ambacho hufunika mshono wa bati na ukuta. Silikoni ni mpira laini unaotengenezwa kwa uti wa silisiamu na oksijeni, vitu vilevile vinavyofanya mchanga na kioo. Poliyurethani ni jamii ya plastiki inayokauka kwa kunywa unyevu wa hewani na kuwa mpira mgumu kidogo, wenye nguvu kubwa ya kung'ang'ania saruji na chuma. Butili ni mpira uleule unaotumika kutengenezea tyubu za magurudumu, kwa kuwa haupitishi hewa wala maji kwa urahisi. Katika utepe huwa haukauki kabisa, bali hubaki mlaini na wa kunata kwa miaka. Lami wote tunaijua barabarani.

Jua linaishambulia dawa ya kuziba kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni miale ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho lakini ndiyo inayopausha nguo kwenye kamba na kuifanya ndoo ya plastiki iliyoachwa uani ivunjike kama biskuti. Miale hiyo ina nguvu ya kutosha kukata viungo vya kaboni, ambavyo ndivyo uti wa poliyurethani, butili na lami. Kiungo cha silisiamu na oksijeni ni kigumu zaidi, na miale inayotufikia ardhini haina nguvu ya kukikata kwa urahisi. Kwa hiyo silikoni inapodumu juani, inadumu kwa sababu ya uti wake wenyewe, bila kuhitaji kinga ya rangi wala kivuli.

Njia ya pili ni joto, na hasa mwendo unaoletwa na joto. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mtu anayefahamu majira ya huku ataona mara moja maana yake. Jua linafika utosini muda mfupi kabla ya masika, kisha tena wakati vuli inakaribia, kwa hiyo mshono unapigwa na jua kali kuliko yote halafu unakabidhiwa mvua. Katika saa hizo bati lenye rangi ya giza linaweza kufikia nyuzi 65 za selsiasi, na usiku likarudi kwenye 24 au 25.

Sasa mshono wenyewe. Nyumba yangu ni ya mtindo huu wa kuficha paa, yaani kuta za nje zimepandishwa juu zaidi ya bati ili ukisimama barabarani usilione paa. Bati ni la migongo mipana, geji 28, lile ambalo mafundi huliita msauzi, lenye urefu wa mita 6 kutoka mfereji wa maji ya mvua hadi ukuta wa juu. Pale juu fundi alikunja flashingi ya bati jeupe, akaifunga kwa skrubu kwenye bati, akaiegemeza juu ya plasta, kisha akavuta mstari wa silikoni kati ya ukingo wake na ukuta. Hakukata mfereji wowote ndani ya plasta. Mstari ulikuwa na upana wa milimita 5 hivi, mzuri kuutazama.

Tupige hesabu ya mwendo. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 6, ambalo ni milimita 6,000, likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, litarefuka kwa milimita 6,000 × 0.000012 × 40, yaani karibu milimita 3. Mwendo huo hauishii wote mahali pamoja, kwa kuwa skrubu hulishika bati njiani. Lakini kama upande wa chini umeshikwa imara, sehemu kubwa yake itajitokeza juu, kwenye ukuta usiosogea. Bati la alumini lingerefuka karibu mara mbili ya hapo. Dawa nzuri ya tyubu hupimwa kwa asilimia ya upana wake inayoweza kuvutwa au kubanwa bila kuachia; nyingi ni asilimia 25, na baadhi ya silikoni hufika 50. Mstari wa milimita 5 wenye uwezo wa asilimia 25 unaweza kuvumilia milimita 1 na robo tu. Wangu ulikuwa unadaiwa hadi milimita 3 kila siku, na ni vigumu kupata dawa dukani ambayo ingelilipa deni hilo.

Nilipomuuliza fundi kuhusu aina ya silikoni, alinijibu, "Bosi, silikoni ni silikoni." Huo ndio uvumi wa kwanza unaopaswa kuondolewa. Kuna silikoni inayokauka kwa kutoa asidi ya siki, na huitambua kwa harufu yake kali puani mara tu ukatapo ncha ya tyubu. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya vioo, masinki na vigae. Kuna nyingine isiyotoa asidi, ambayo kwenye tyubu huandikwa NEUTRAL au NEUTRAL CURE. Ile ya siki ikiwekwa juu ya bati lenye zinki, asidi hula zinki na kuacha unga mweupe chini ya mstari. Ikiwekwa juu ya plasta, asidi hupambana na chokaa iliyomo ndani ya saruji na kutengeneza tabaka dhaifu kama vumbi, na mpira unabaki umeshikilia vumbi hilo badala ya ukuta.

Baada ya masika ya pili doa la rangi ya chai lilijitokeza kwenye dari ya jipsamu chumbani. Nilipanda juu mwenyewe. Mpira wa silikoni ulikuwa mzima: nilipouvuta kwa vidole ulinyooka na kurudi, haukuwa na ufa wala haukupauka. Lakini ulitoka ukutani wote kwa pamoja, kama uzi unaochomolewa kwenye pindo, na mgongoni mwake kulikuwa na unga wa saruji, huku upande wa bati kukiwa na mstari mweupe wa zinki iliyoliwa. Jua halikuiua ile silikoni. Iliachia kwa sababu ilikuwa ya aina isiyofaa na mstari wake ulikuwa mwembamba kuliko mwendo ulioubeba. Ninalisisitiza hili kwa kuwa watu wengi wakiona silikoni imebanduka husema "jua limeiunguza", kisha wanakwenda kununua kitu ambacho jua litakiunguza kweli.

Nami ndivyo nilivyofanya. Fundi wa pili alishauri lami, kwa hoja ambayo inasikika vizuri: lami haipitishi maji, inazuia maji kwenye misingi ya nyumba, basi paani itashindwaje? Jibu ni kwamba kwenye msingi lami iko gizani na kwenye ubaridi. Juani mambo mawili huipata. Mafuta mepesi yaliyomo ndani yake hupotea na oksijeni ya hewani huigeuza uso wake kuwa mgumu, hadi unapasuka kwa vipande vidogo kama ngozi ya mamba. Wakati huohuo lami ya kawaida ya kiwango cha barabara huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi, na bati letu limekwisha kuvuka hapo kabla ya saa sita mchana. Zipo lami zilizopikwa kwa hewa au kuchanganywa na mpira ambazo hulainika kwenye joto kubwa zaidi, na zile karatasi za lami zenye changarawe juu hupata kivuli kutoka kwa changarawe hizo; ila kopo la bei rahisi la kupaka kwa brashi mara nyingi si la aina hiyo.

Kwenye ukuta wangu ilichukua kiangazi kimoja. Kufikia Februari ilikuwa imeteremka kwa ndimi nyeusi juu ya bati, mwisho wa kila ulimi ukiwa mnene na laini kiasi cha kuacha alama ya kidole, huku pale juu, mahali ilipohitajika, pamebaki tabaka jembamba lililojaa nyufa. Zaidi ya hayo, maji ya mvua yanayotiririka juu ya lami iliyozeeka juani huwa na asidi kidogo, na asidi hiyo hula zinki ya bati lililo chini yake. Kwa hiyo lami iliyo wazi juu ya bati ina makosa mawili: inakufa yenyewe, na inaliumiza paa.

Hapa inafaa kuutaja utepe wenye mgongo wa alumini, kwa sababu ndio unaonunuliwa kwa wingi siku hizi na ndio unaopotosha wengi. Mgongo wa alumini huzuia miale ya urujuanimno, na hilo ni jambo jema la kweli. Hauzuii joto kutoka kwenye bati lililo chini. Kwa hiyo kila kitu kinategemea gundi iliyo tumboni mwa utepe, na dukani tepe mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na gundi mbili tofauti, moja butili na nyingine lami. Butili nyingi huvumilia joto la nyuzi 80 au zaidi bila kutiririka; lami hafifu juani hujichuruza pembeni na kuacha ukingo mweusi unaonata vumbi, kisha utepe unateleza. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kubandua karatasi ya nyuma, kuchukua punje ya gundi na kuifuta kwa tambara jeupe lililoloweshwa mafuta ya taa. Lami huacha mara moja doa la hudhurungi kama chai ya rangi. Butili ya kijivu au nyeupe hulainika na kuvutika kwa nyuzi ndefu, bila kutoa rangi hiyo.

Butili isiyo na mgongo wowote isiachwe juani kamwe. Ikiwa wazi inashika vumbi, uso wake unazeeka, na haina nguvu ya kujishikilia yenyewe ikivutwa. Mahali pake ni katikati ya bati mbili zinazolaliana, ambako bati la juu huipa kivuli na skrubu huibana. Pale haihitaji kukauka, na kutokukauka kwake ndiyo faida: bati likisogea milimita moja, butili inasogea nalo, na likirudi inarudi, wala hakuna cha kupasuka. Wanaoidharau kwa kusema "ni laini sana, haikauki" wanaidharau kwa sifa yake bora.

Fundi wa tatu alikuja na PU ya kijivu. Aliikwangua lami kwa uvumilivu, akasafisha ukuta kwa brashi ya waya, akaweka mstari mpana zaidi, na safari hii dawa ilishika kweli ukutani. Hata leo nikitaka kuitoa kwenye plasta lazima nitumie kisu, na plasta kidogo hutoka nayo. Tatizo lilionekana taratibu. Baada ya miezi minane hivi uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na kidole kikipita juu kinatoka na unga kama chaki ya ubaoni. Mwaka wa pili nyufa ndogo za juu juu zilitokea, zikifuata mvuto wa bati, na chache zilizama ndani. Nilipokata kipande kwa wembe niliona jambo la kujifunza: milimita moja ya juu ilikuwa imeungua na ngumu, lakini chini yake mpira ulikuwa bado safi na laini kama siku ya kwanza. Miale haipenyi mbali. Ukiipa poliyurethani kivuli, hata cha rangi tu, unairudishia sehemu kubwa ya maisha yake, na tofauti na silikoni, yenyewe inapokea rangi vizuri.

Kwa hiyo matengenezo ya nne, ambayo nilisimama pembeni nikiyatazama mwanzo hadi mwisho, hayakuanza kwa dawa bali kwa bati. Flashingi ile moja iliyoshikwa pande zote mbili iliondolewa, zikawekwa mbili. Ya chini ilifungwa kwenye bati na kupanda ukutani milimita 150 bila kubandikwa popote. Ya juu ilizamishwa kwenye mfereji uliokatwa kwa grainda ndani ya plasta, kina cha milimita 25 na upana wa 12, ikashuka kuifunika ile ya chini kama mwavuli. Sasa bati likirefuka, flashingi ya chini inateleza nyuma ya ile ya juu, na dawa iliyo ukutani haivutwi tena na mita 6 za chuma.

Baada ya hapo kila dawa ilipewa mahali inapostahili. Mfereji wa ukutani ulijazwa PU kwa kina cha milimita 8 tu, kwa sababu mstari mzuri huwa na upana mkubwa kuliko kina. Kamba ya povu ilisukumwa kwanza nyuma yake ili dawa ishike kuta mbili za mfereji na isishike sakafu yake, maana ikishikwa pande tatu haiwezi kunyooka na huchanika katikati. Dhana kwamba dawa nene zaidi ni imara zaidi hufia hapo. PU huko ndani hukauka kadiri ya milimita 2 hadi 3 kwa siku, hivyo tulisubiri siku 5 kabla ya kuipaka rangi ya nje ya ukuta, mikono miwili, na rangi hiyo ndiyo kivuli chake. Pale flashingi moja inapolala juu ya nyenzake, mlalo wa milimita 150, uliwekwa utepe wa butili ndani na kubanwa kwa skrubu. Vichwa vya skrubu na ncha chache za chuma kwa chuma ambazo haziwezi kufichwa zilipata silikoni isiyo na siki. Lami haikupata kazi juu ya paa.

Je, kwa nini mfereji wa ukutani nao haukupewa silikoni, kama ndiyo inayolishinda jua? Ingewezekana, na ingedumu bila rangi. Lakini silikoni haishiki rangi yoyote, mafuta yake huchuruzika na kuchora michirizi ya uchafu kwenye ukuta mweupe, na siku itakapohitaji kubadilishwa hakuna kitakachoshika vizuri juu ya mabaki yake, mara nyingi hata silikoni mpya. Lazima ikwanguliwe yote hadi plasta safi. Kwenye chuma kazi hiyo ni nyepesi. Kwenye plasta ni adhabu. Kwa sababu hiyohiyo, kuongeza tabaka jipya juu ya dawa iliyopasuka, ambako wengi wetu hukufanya mvua zikikaribia, ni kubandika kitu kizima juu ya kitu kilichokwisha kuachia.

Saa ya kuweka dawa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wengi hutaka kazi ifanyike saa saba mchana kwa imani kwamba jua litakausha haraka. Wakati huo bati limetanuka hadi mwisho na nafasi kati yake na ukuta ni finyu kuliko kawaida, hivyo dawa itakayowekwa itaanza kuvutwa usiku huohuo ikiwa bado mbichi. Na PU inayowekwa juu ya chuma cha moto, hasa penye unyevu, hutoa mapovu. Alfajiri nako kuna umande. Saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, bati likiwa kavu lakini halijawa la kuunguza kiganja. Kwa nyumba za karibu na bahari, kama Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, bati lioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi na likauke, kwa kuwa chumvi isiyoonekana hukaa kati ya dawa na chuma.

Ukaguzi ufanyike Februari na Septemba, kabla jua halijafika utosini. Silikoni usiitazame uso. Ivute pembeni kwa ukucha uone kama imeachia. PU ipitishe kidole uone kama inatoa unga. Butili utaiangalia kwenye ukingo wa mlalo, na kama inachungulia nje kwa zaidi ya milimita chache, ipunguze kwa kisu. Kwenye paa langu, ukaguzi wa mwaka huu ulionyesha sehemu moja, karibu na kona, ambapo rangi juu ya PU ilikuwa na ufa mwembamba wa urefu wa kiganja. Chini yake PU ilikuwa bado laini, kwa hiyo tulisafisha na kupaka rangi mikono miwili mahali hapo peke yake, kazi ya nusu saa.